Mwamuzi wa Zamu Katika Saketi: Kielekezi Kisogee Lini, na Kiende Wapi

Mwamuzi ni saketi inayowekwa mbele ya kitu kimoja kinachotakiwa na wengi: mlango wa kumbukumbu, njia ya pamoja ndani ya chipu, au tundu la kutokea la swichi ya mtandao. Kila anayekitaka huinua waya wake wa ombi. Mwamuzi huyaangalia maombi yaliyopo katika pigo hilo la saa, kisha huinua waya mmoja tu wa idhini. Masharti matatu ya kazi hii ni mepesi: wasiidhinishwe wawili kwa pamoja, asiidhinishwe asiyeomba, na huduma isilale bure ilhali kuna anayeihitaji. Sharti la nne ndilo zito. Kila anayeomba na kuendelea kuomba lazima apate, tena ndani ya muda unaoweza kutajwa kabla.

Sharti hilo la nne huelezwa mara nyingi kwa sentensi moja: mwamuzi wa zamu huzungusha kipaumbele, kwa hiyo hakuna anayekufa njaa. Kutokana na sentensi hiyo hutengenezwa saketi ambazo zinazungusha kipaumbele kweli, lakini bado zinamwacha mwombaji mmoja akisubiri bila mwisho. Mzunguko peke yake haumlindi mtu. Kinachomlinda ni mambo mawili ambayo sentensi hiyo haiyataji: kielekezi kinasogea lini, na kikisogea kinakwenda kusimama wapi.

Kwa nini saketi isiyo na kumbukumbu haitoshi

Mwamuzi rahisi kuliko wote ni wa kipaumbele kisichobadilika. Waombaji wakiwa wanne, kuanzia namba 0 hadi 3, wa 0 hutangulia wote, wa 1 humtangulia wa 2, na kuendelea. Saketi yake ni ndogo na ya haraka, na kwa baadhi ya kazi inafaa kabisa, kwa mfano ishara ya dharura ambayo huja mara chache na haipaswi kungoja. Lakini mwombaji 0 akiomba katika kila pigo la saa, wengine watatu hawapati kitu hata saketi ikiendeshwa mwaka mzima.

Tatizo hilo haliondoki kwa kubadilisha mpangilio wa wakubwa na wadogo. Saketi isiyo na kumbukumbu hutoa jibu lilelile kila inapoletewa maombi yaleyale. Wote wanne wakiomba bila kukoma, maombi hayabadiliki, basi na mshindi habadiliki. Ili jibu libadilike ilhali swali ni lilelile, saketi lazima ikumbuke kilichotokea pigo lililopita. Ndiyo maana mwamuzi wa zamu ni saketi ya mfuatano: ana rejesta ndogo inayoshikilia kielekezi, yaani namba ya mwombaji anayetazamwa kwanza katika pigo hili. Utafutaji huanzia hapo, huenda mbele hadi namba ya mwisho, kisha hurudi 0 na kumalizia waliobaki.

Kielekezi kinachofuata saa

Njia ya kwanza inayomjia mtengenezaji ni kukifanya kielekezi kuwa kihesabuji cha kawaida: 0, 1, 2, 3, kisha 0 tena, hatua moja kwa kila pigo la saa. Ubora wake ni wa kweli. Kihesabuji hakitegemei idhini iliyotolewa, hivyo hakuna njia ndefu ya mantiki kutoka kwenye maombi kurudi kwenye rejesta. Na ikiwa waombaji wote wana kazi muda wote, na kila huduma huchukua pigo moja, mgawo huwa sawa kabisa.

Udhaifu hujitokeza pale baadhi ya waombaji wanaponyamaza. Tuseme ni wa 0 na wa 1 pekee wanaoomba. Kielekezi kikiwa 0, anashinda wa 0. Kikiwa 1, anashinda wa 1. Kikiwa 2, utafutaji unapita 2 na 3 bila kukuta mtu, unarudi mwanzo na kumkuta wa 0. Kikiwa 3, yanatokea yaleyale. Katika kila mapigo manne, wa 0 amehudumiwa mara tatu na wa 1 mara moja. Waombaji wangekuwa wanane na hao wawili tu wakawa macho, mgawo ungekuwa saba kwa moja. Anayesimama mara baada ya pengo la walionyamaza hurithi zamu zao zote. Hapo hakuna njaa bado, lakini usawa umekwisha kuharibika.

Njaa kamili huingia huduma zinapokuwa ndefu. Chukua kumbukumbu ambayo kila huduma yake huchukua mapigo manne, na mwamuzi huamua tu inapokuwa huru. Kielekezi kinaendelea kuzunguka wakati wote huo, na kwa kuwa waombaji ni wanne, kila uamuzi unapofika kimerudi palepale. Kikianza kwenye 0, kitakuwa 0 katika kila uamuzi, na mwombaji 0 atashinda daima mradi aendelee kuomba. Kipaumbele kinazunguka kila pigo, na bado saketi hii haina tofauti na ile ya kipaumbele kisichobadilika. Huduma ikichukua mapigo mawili, kielekezi hukutwa kwenye 0 na 2 tu, nao wa 1 na wa 3 hawafikiwi kamwe ikiwa wa 0 na wa 2 hawanyamazi. Ikichukua mapigo matatu, mambo huwa shwari. Kanuni yenyewe ni ya hesabu za shule: urefu wa huduma na idadi ya waombaji vikiwa na kigawo cha shirika kinachozidi 1, baadhi ya nafasi za kielekezi hazitaonekana wakati wa kuamua. Kwa kuwa huduma za kumbukumbu mara nyingi huchukua mapigo mawili, manne au manane, na waombaji nao huwa wawili, wanne au wanane, ajali hii iko karibu sana na mtengenezaji.

Kielekezi kinachofuata idhini

Dawa ni kukitoa kielekezi mikononi mwa saa na kukifunga kwenye idhini. Kisipotolewa kibali, kielekezi hakisogei. Kikitolewa, kielekezi hakiendi hatua moja mbele ya pale kilipokuwa, bali hatua moja mbele ya aliyeshinda. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Kikisogea hatua moja tu kwa kila idhini, ule mgawo wa tatu kwa moja unarudi kama ulivyo. Kikienda mbele ya mshindi, mshindi huyo anakuwa wa mwisho kutazamwa mara inayofuata, na waombaji 0 na 1 wanapokezana moja kwa moja.

Hapa ndipo ahadi ya kutokufa njaa inapoweza kuthibitishwa. Chukua mwombaji yeyote na uhesabu umbali wake kutoka kwenye kielekezi, kwa kwenda mbele. Wakiwa wanne, umbali huo hauzidi 3. Akipewa mwingine badala yake, mwingine huyo lazima alikuwa karibu zaidi na kielekezi. Kielekezi sasa kinahamia mbele ya huyo aliyepewa, hivyo umbali wa anayesubiri umepungua kwa angalau hatua moja. Hakuna idhini inayoweza kuuongeza. Umbali unaopungua kila mara na usioweza kushuka chini ya 0 utafika 0, na atakayefikiwa hivyo ndiye mshindi. Kwa waombaji N, hakuna anayesubiri idhini za wenzake zaidi ya N − 1. Huduma ndefu kuliko zote ikichukua mapigo L, kusubiri zamu ukiwa umeanza kuomba hakupiti mapigo ya (N − 1) × L, ukiongeza salio la huduma iliyokutwa ikiendelea.

Uthibitisho huo unasimama juu ya masharti mawili ambayo hayako mikononi mwa mwamuzi. Anayeomba asishushe ombi lake kabla ya kupewa, kwa maana akilishusha na kuliinua anaweza kukosekana kila zamu yake inapofika. Na aliyepewa lazima aachie. Mwombaji anayekishikilia kitu bila kikomo huua kila hesabu, hata mwamuzi awe mzuri namna gani.

Idhini iliyotolewa na idhini iliyopokelewa

Mara nyingi mwamuzi hana neno la mwisho. Mbele yake kuna mpokeaji ambaye katika baadhi ya mapigo hayuko tayari, kwa mfano foleni iliyojaa. Swali linakuwa: kielekezi kisogee idhini inapotolewa, au inapopokelewa?

Waombaji wawili wanatosha kuonyesha hatari yake. Wote wanaomba bila kukoma, na mpokeaji yuko tayari katika mapigo ya namba shufwa tu. Kielekezi kikisogea kila idhini inapotolewa, idhini zinakwenda 0, 1, 0, 1. Wa 0 anaangukia mapigo shufwa na kuhudumiwa kila mara. Wa 1 anapewa idhini kila baada ya pigo, lakini kila anapopewa mlango umefungwa, na zamu yake inahesabiwa kuwa imetumika. Ni sawa na kijumbe wa upatu anayeandika kwamba mwanachama amepokea, ilhali siku hiyo fedha hazikuwapo. Anayechunguza waya wa idhini peke yake ataona usawa kamili, lakini data ya mwombaji 1 haijapita hata mara moja.

Watafiti wa swichi za mtandao walikutana na jambo hili kwa sura pana zaidi. Katika swichi, kila tundu la kutokea lina mwamuzi wake, na idhini yake inaweza kukataliwa na tundu la kuingilia lililokwisha kukubali idhini ya tundu jingine. Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala yake ya mwaka 1999 kuhusu mbinu ya iSLIP, alionyesha kwamba vielekezi vinavyosogea hata idhini ikikataliwa huishia kutembea pamoja, vyote vikimwelekea mwombaji mmoja kwa wakati mmoja. Swichi yenye matundu mawili ya kuingilia na mawili ya kutokea, foleni zote zikiwa zimejaa, inaweza kubaki na nusu tu ya uwezo wake. Badiliko alilolipendekeza ni dogo: kielekezi kisisogee mpaka idhini ikubaliwe. Kwa badiliko hilo vielekezi huachana vyenyewe, na mzigo ukigawanyika sawa swichi hufikia asilimia 100 ya uwezo.

Kungojea upokeaji nako kuna gharama. Kielekezi kikiwa kimesimama, idhini yenyewe inaweza kuhama. Kielekezi kiko kwenye 2, anayeomba ni wa 3 peke yake, idhini imekwenda kwake na mpokeaji hajawa tayari. Pigo linalofuata wa 2 anaamka, naye yuko mbele zaidi katika utafutaji, basi idhini inahamia kwake. Wa 3 hatakufa njaa, kwa sababu umbali wake haujaongezeka. Lakini itifaki nyingi hazikubali hali hiyo. AXI ya kampuni ya Arm, kwa mfano, inadai kwamba `VALID` ikishainuliwa isishushwe, na data iliyo nayo isibadilike, mpaka `READY` iitikie. Anayejenga juu ya itifaki kama hiyo huhitaji rejesta ya ziada inayofunga uamuzi hadi upokelewe.

Kuijenga saketi yenyewe

Njia ya kufundishia ni kuyazungusha maombi ili aliye kwenye kielekezi aje nafasi ya 0, kuyapitisha kwenye saketi ya kipaumbele kisichobadilika, kisha kulizungusha jibu kurudi mahali pake. Inaeleweka kwa urahisi, ila mizunguko hiyo miwili hukaa mfululizo kwenye njia moja, na waombaji wakiwa wengi hula sehemu kubwa ya muda wa pigo la saa. Namba ya kielekezi nayo huleta mtego pale waombaji wasipokuwa kipeo cha 2. Waombaji watano huhitaji biti tatu, na biti tatu zina nafasi nane. Kihesabuji kisichorudishwa 0 baada ya 4 kitaelekeza kwa waombaji wasiokuwapo.

Njia ya pili ni pete. Kielekezi kina biti moja kwa kila mwombaji, na ishara ya "bado hajapatikana" hupita kwa jirani hadi jirani kuanzia kwenye biti iliyowaka. Ni ndogo sana, lakini waya wa mwisho unarudi kwa wa kwanza, na programu za kukagua muda wa saketi huona kitanzi kisicho na rejesta na kukilalamikia. Pia kosa likiizima ile biti moja, hakuna atakayepewa tena.

Njia ya tatu, ambayo kwa kazi nyingi ndiyo bora, hutumia kichujio. Badala ya namba, rejesta hushika biti zilizowaka kwa wale wote walio kwenye kielekezi au mbele yake. Saketi mbili za kipaumbele kisichobadilika hufanya kazi sambamba: moja inatazama maombi yaliyopita kwenye kichujio, nyingine inatazama yote. Ya kwanza ikiwa na jibu, hilo linatumika. Isipokuwa nalo, linatumika jibu la ya pili. Kwa Verilog, waombaji wanne, ishara ya upokeaji ikiitwa `ack`:

```verilog
wire [3:0] mreq = req & mask;
wire [3:0] mgnt = mreq & (~mreq + 4'd1);
wire [3:0] ugnt = req  & (~req  + 4'd1);
assign gnt = (|mreq) ? mgnt : ugnt;

always @(posedge clk)
  if (rst)               mask <= 4'b1111;
  else if ((|gnt) & ack) mask <= ~((gnt - 4'd1) | gnt);
```

Kuzidisha kimantiki namba na hasi yake hubakiza biti yake ya kulia kabisa iliyowaka, na huyo ndiye mwombaji mdogo kuliko wote. Mstari wa mwisho huzima biti ya mshindi na zote zilizo kulia kwake.

Tuiendeshe kwa mapigo manne, `ack` ikiwa 1 wakati wote. Mwanzo kichujio ni `1111`, nao wa 0, 1 na 3 wanaomba, yaani `1011`. Anashinda wa 0, na kichujio kinakuwa `1110`. Pigo la pili maombi ni yaleyale. Yaliyopita ni `1010`, anashinda wa 1, kichujio kinakuwa `1100`. Pigo la tatu wa 2 anajiunga na maombi yanakuwa `1111`. Yaliyopita ni `1100`, anashinda wa 2 ambaye ndiyo kwanza amefika, kichujio kinakuwa `1000`. Pigo la nne anapita wa 3 peke yake, anashinda, na kichujio kinabaki `0000`. Hapo hakuna ombi litakalopita, hivyo saketi ya pili inaanza upya kutoka 0. Wa 3 amesubiri idhini tatu, kikomo kamili cha N − 1, bila kukivuka.

Njia hii ina sifa nyingine inayostahili kuzingatiwa. Thamani yoyote ikiingia kwenye kichujio kwa bahati mbaya, hata isiyo na mpangilio kama `0101`, idhini bado itakuwa moja tu, na itakwenda kwa aliyeomba. Idhini ya kwanza itakayopokelewa inakirudisha kichujio kwenye hali sahihi. Bei yake ni saketi ya kipaumbele ya pili na rejesta yenye biti N badala ya logi ya N, bei inayostahili kulipwa.

Kosa linavyojificha, na linavyoonekana

Majaribio ya maombi ya kubahatisha huwa hayaoni njaa ya aina zilizoelezwa hapo juu. Njaa hizo zinatokana na midundo kuoana: huduma ya mapigo manne na waombaji wanne, au mpokeaji anayefunguka pigo moja moja na waombaji wawili. Bahati nasibu huivunja midundo hiyo, na mwombaji aliyekuwa akinyimwa huponyoka bila kuacha dalili. Jaribio linalofaa ni kinyume chake: maombi yote yainuliwe na yasishushwe, na utayari wa mpokeaji uwekwe kwenye mdundo wa mapigo mawili, matatu, kisha manne.

Kihesabuji kimoja kwa kila mwombaji hutosha kulifichua kosa. Huongezeka kila mwenzake anapopokelewa ilhali yeye anaomba, na hurudi 0 anapopokelewa yeye. Kikifika N, saketi ina kasoro. Ni muhimu kihesabu upokeaji, si idhini, vinginevyo kitaliona kosa la idhini isiyopokelewa kuwa usawa. Kwa waombaji wachache, programu za uthibitishaji wa kimantiki zinaweza kuhakikisha sharti hilo kwa kila hali inayowezekana, na hapo ndipo umuhimu wa kikomo cha N − 1 unapoonekana: "atapata siku moja" ni vigumu kukagua, "atapata kabla ya idhini ya nne ya wenzake" ni rahisi.

Zamu ikilinganishwa na njia nyingine

Mshindani wa karibu ni mwamuzi wa jedwali, anayekumbuka kwa kila jozi ya waombaji nani alihudumiwa zamani zaidi. Usawa wake ni mzuri kuliko wa kielekezi: katika mfano uliopita, asingemtanguliza wa 2 aliyefika baadaye ikiwa wa 3 ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuhudumiwa. Lakini anahitaji biti N(N − 1)/2. Waombaji wanne ni biti 6, wanane ni 28, na 64 ni 2,016. Hadi wanane hivi gharama hiyo inavumilika na saketi yake ni ya haraka. Zaidi ya hapo kielekezi kinashinda waziwazi. Kuchagua kwa bahati nasibu nako huvunja midundo mibaya, ila hakutoi kikomo chochote cha kusubiri, hivyo panapotakiwa ahadi ya muda hakufai.

Kielekezi kina mipaka yake pia. Kinagawa zamu, hakigawi ukubwa wa kazi. Waombaji wawili wakipokezana kikamilifu, mmoja akituma pakiti za baiti 1,500 na mwingine za baiti 64, wa kwanza huchukua zaidi ya mara 23 ya uwezo wa njia anaoupata wa pili. M. Shreedhar na George Varghese walilishughulikia tatizo hilo mwaka 1995 kwa mbinu inayompa kila foleni akiba ya baiti, na pakiti isiyotoshelezwa na akiba hiyo husubiri duru inayofuata. Waamuzi wakipangwa kwa ngazi, usawa wa kila ngazi hauwi usawa wa jumla. Mwombaji mmoja akiwa upande mmoja wa mwamuzi wa juu, na watatu wakiwa upande wa pili nyuma ya mwamuzi wao, yule mmoja hupata nusu ya huduma yote na kila mmoja wa wale watatu hupata sehemu moja ya sita. Hakuna anayekufa njaa, na kila kielekezi kimesogea inavyotakiwa. Anayetaka mgawo sawa hapo itambidi awaweke wote wanne mbele ya mwamuzi mmoja, au ampe mwamuzi wa juu uzito wa moja kwa tatu.